Uzi: Somo la skeli darasa la tano kwa kuchora eneo la shule. Naomba mnikosolee andalio

Ticha wa Kata

Habari za jioni wadau. Nafundisha Jiografia na Mazingira darasa la tano, shule ya msingi huku Morogoro vijijini, wanafunzi sabini na ushee. Wiki ijayo naingia kwenye ramani. Watoto hawa wanajua kutamka "moja kwa elfu hamsini" kama shairi, lakini ukimpa rula na ramani umuulize kutoka hapa hadi pale ni umbali gani, anakutazama tu.

Nimepata vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80. Mpango wangu: kipindi cha kwanza naandika ubaoni maana ya skeli na namna zake tatu, ya maneno, ya uwiano na ya mstari, na mifano miwili. Kipindi cha pili tunatoka nje wachore eneo la shule, kila mmoja kwenye daftari lake, na aandike skeli 1:1000 chini.

Zana nilizonazo: futikamba ya mafundi ya mita 5, kamba ya katani, rula za watoto, manila chache. Eneo ni karibu mstatili. Nimelipima mwenyewe, ni kama mita 120 kwa 80. Kuna jengo refu la madarasa, ofisi, vyoo, kisima, uwanja wa mpira na mwembe mkubwa katikati. Wapi pana kasoro?

Chaki Moja

Mkuu, kasoro ni moja kubwa. Mchoro wa kuchora kwa mkono HAUNA skeli, ndivyo tulivyosoma wote. Ukiwaambia wachore kwa macho halafu waandike 1:1000 chini, unawafundisha uongo. Ama fundisha mchoro, ama fundisha ramani ya skeli. Huwezi kuchanganya.

Dogo wa Kihonda

Sabini nje kwa pamoja? Mwalimu mkuu atakuita kabla hujafika kwenye mwembe 😂

Mzee wa Ramani

Ticha, Chaki Moja yuko sahihi nusu, na nusu hiyo ni muhimu. Mtoto aliyechora kwa macho hana haki ya kuandika 1:1000, kwa sababu hakuna alichopima. Lakini si kweli kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Mchoro wa macho ndio unaomfanya mtoto aone kwa nini skeli inahitajika. Ningekushauri ugeuze andalio lako juu chini.

Anza na mchoro, kabla hujatamka neno skeli. Wakiwa bado darasani, waambie wachore eneo la shule kama ndege anavyoliona kutoka juu, dakika 10, bila rula. Kisha weka michoro mitano sita ukutani na uulize swali moja tu: uwanja wa mpira na jengo la madarasa, kipi kirefu, na mara ngapi? Utaona majibu hayafanani. Yuko atakayechora darasa lake kubwa kuliko uwanja. Mwingine mwembe wake utafunika ofisi, kwa sababu ndipo wanapochezea. Na wengi watachora jengo kwa mbele, na milango, madirisha na paa la pembe tatu, huku uwanja wameuchora kutoka juu. Usiwacheke wala usifute. Waulize tu: ndege akiwa juu anaona mlango?

Chini ya mchoro huo waandike "haukuchorwa kwa skeli". Hapo Chaki Moja ataridhika.

Ticha wa Kata

Shikamoo mzee. Nimekuelewa hapo. Sasa baada ya michoro kutofautiana, nawatoa nje wapime? Futikamba ya mita 5 kwa eneo la mita 120 si tutakesha?

Mzee wa Ramani

Marahaba mwanangu. Futikamba usiipeleke uwanjani. Itumie kuandaa kamba. Pima mita 20 za kamba ya katani, funga fundo kila mita 5 na kitambaa chekundu kwenye mita 10. Fanya hivyo siku hiyohiyo asubuhi na kamba ikiwa kavu, maana katani ikilowa hujikunja na mita 20 zako zinapungua. Kamba ya nailoni nayo ina tabia yake, ukiivuta sana inarefuka.

Kamba hiyo moja haitoshi makundi tisa, kwa hiyo kazi yake ni kupima hatua za watoto. Ilaze chini. Kila kundi lichague mtembeaji mmoja, atembee mita 20 mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida, wenzake wahesabu. Tuseme anapata 32, 33, 31. Ya katikati ni 32. Kwa mtoto wa darasa la tano usiingie kwenye desimali za mita 0.625 kwa hatua, utawapoteza. Hatua 32 ni mita 20, kwa hiyo hatua 8 ni mita 5. Wanaandika hivyo kwenye daftari na kuondoka.

Akitembea upande mrefu wa uwanja wa shule akapata hatua 192, wanagawa kwa 8 wanapata 24, mara 5 ni mita 120. Hesabu ya darasa la nne hiyo.

Angalizo: mtoto akitazamwa huanza kutembea kama askari wa gwaride, anarefusha hatua. Ndiyo maana anatembea mara tatu. Mara ya kwanza mara nyingi ndiyo ya maonyesho.

Chaki Moja

Mzee kwa heshima, hatua si kipimo. Mtoto mmoja ana miguu mirefu, mwingine mifupi. Matokeo yatakuwa takataka. Bora mwalimu apime mwenyewe awape namba, wao wachore. Muda pia unaokolewa.

Mzee wa Ramani

Miguu kutofautiana si tatizo kama kila kundi lina mtembeaji mmoja na hatua zake zimelinganishwa na kamba. Tatizo linakuja kundi likibadilisha mtembeaji katikati ya kazi, na hilo utaligundua kwa sababu upande mmoja wa eneo utakuwa na urefu ambao upande unaotazamana nao hauna.

Kuhusu kuwapa namba, inawezekana. Muda utaokoka kweli. Ila ukiwapa namba tayari, wanachojifunza ni kuchora mistari ya sentimita kadhaa. Mtoto asiyeutembea umbali ule, 120 kwake ni namba ya kitabuni.

Mama Kiwanja

Samahani jamani naona mnazungumzia ramani na skeli, naomba msaada. Nimechorewa ramani ya nyumba, imeandikwa 1:100, fundi kanitumia kwa WhatsApp nikaenda kuiprinti steshenari kwenye A4. Nimepima chumba kikuu kwa rula napata sentimita 2.8 kwa 2.5. Yaani mita 2.8! Tulikubaliana mita 4 kwa 3.5. Je, nimeibiwa? Msingi unachimbwa Jumamosi.

Dogo wa Kihonda

Mama hapa ni uzi wa walimu, hata hivyo Jumamosi usichimbe kwanza.

Mzee wa Ramani

Mwacheni, kaleta jambo linalotuhusu.

Mama, hujaibiwa, angalau si kwa ushahidi huo. Angalia kwenye mchoro kuna vitarakimu pembeni ya kuta, kama 4000 na 3500. Hizo ni milimita. Ukiziona, chumba chako ni mita 4 kwa 3.5 kama mlivyokubaliana. Kilichotokea ni kwamba mchoro ulitengenezwa kwa karatasi ya A3 na steshenari wakaubana uingie A4. Kila mstari umebaki na karibu asilimia 71 ya urefu wake, kwa hiyo sentimita 4 zimekuwa 2.8. Maandishi ya 1:100 yenyewe hayakubanwa, yamebaki yanasema kitu ambacho si kweli tena. Mwambie fundi wako afuate vipimo vilivyoandikwa, asiweke rula juu ya karatasi hiyo.

Mama Kiwanja

Eeh kweli imeandikwa 4000! Mungu akubariki baba. Nilishampigia simu nikamfokea 🙈

Ticha wa Kata

Hii ya Mama Kiwanja imenifungua macho. Nilipanga kuikuza ramani bora ya darasa kwenye fotokopi kutoka A4 hadi A3 niibandike ukutani. Kwa hiyo 1:1000 itakuwa uongo?

Mzee wa Ramani

Itakuwa uongo. Upande wa mita 120 kwa 1:1000 ni sentimita 12. Ukikuza kutoka A4 hadi A3 unakuwa karibu sentimita 17. Mtoto akipima ukutani atasoma mita 170, na hajakosea yeye.

Sasa, badala ya kuliepuka hilo, lifanye kuwa sehemu ya somo. Kabla ya kukuza, waambie wachore chini ya ramani mstari wa sentimita 5, wauwekee alama kila sentimita moja, waandike 0, 10, 20, 30, 40, 50 na neno mita. Ukikuza, mstari unakuzwa pamoja na ramani. Wachukue ukanda wa karatasi, waweke alama za urefu wa shule kwenye ramani ya ukutani, wausogeze kwenye mstari: unarudi 120. Kisha wajaribu kwa rula na 1:1000, wapate 170. Waache wabishane. Nimeona watoto wakielewa skeli ya mstari hapo, baada ya kuikariri miaka miwili bila kujua inafaa nini.

Skuli ya Pwani

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, nafundisha la tano vilevile. Mwalimu Ticha, mbona hakuna anayeuliza hiyo 1:1000 imetoka wapi? Unaitoa wewe tu mfukoni. Mie nilivyofanya, niliwaachia wanafunzi waichague wenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Ticha wa Kata

Waalaykum salaam. Waliichaguaje? Darasa la tano hilohilo?

Skuli ya Pwani

Ndiyo. Nachukulia namba zako. Ukurasa wa daftari la kawaida una kama sentimita 16 kwa 20. Eneo lako ni mita 120 kwa 80. Waulize: kila sentimita tuipe mita 2, shule itaingia? Watagawa, watapata sentimita 60 kwa 40. Haiingii, hiyo ni ya manila. Tuipe mita 5? Sentimita 24 kwa 16. Karibu, lakini inamwagika juu. Tuipe mita 10? Sentimita 12 kwa 8, inaingia na nafasi ya kichwa, ufunguo na alama ya kaskazini inabaki. Basi wanachagua 10 na wanajua kwa nini.

Halafu nawaachia swali moja la mtego: na kwa mita 50 je? Shule inakuwa sentimita 2.4 kwa 1.6. Vyoo mtavichora wapi? Hapo wanacheka wenyewe.

Jambo jengine, msitumie visanduku vya daftari la hesabu kama sentimita bila kuvipima. Vingi si sentimita kamili. Ukisema kisanduku kimoja ni mita 10 hiyo ni sawa, ramani itatoka vizuri, lakini usiandike 1:1000 kwa sababu kisanduku si sentimita.

Mzee wa Ramani

Mwalimu wa Unguja umesema vizuri kuliko mimi. Ticha, chukua hiyo ikae katikati ya somo, kati ya kupima na kuchora.

Naongeza kitu kidogo kwenye 12 kwa 8. Ukiwa na jengo la madarasa la mita 36 kwa 8, linakuwa sentimita 3.6 kwa 0.8. Vyoo, tuseme mita 12 kwa 4, ni sentimita 1.2 kwa 0.4. Kisima hakichoreki, ni nukta, kinahitaji alama kwenye ufunguo. Waonyeshe pia ncha ya penseli. Mstari wa penseli butu una unene wa kama nusu milimita, na kwa 1:1000 nusu milimita ni nusu mita. Kwa hiyo anayebishana kwamba ofisi ni mita 16 na sentimita 20, ramani yake haina uwezo wa kusema hivyo.

Chaki Moja

Hilo la penseli sikuwahi kulifikiria, nakubali. Lakini nauliza: kwa nini vitabu vinasema 1:50,000 ni skeli ndogo na 1:1000 ni kubwa? 50,000 ni kubwa kuliko 1000. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wakariri tu kinyume.

Mzee wa Ramani

Usiwaambie wakariri kinyume, watasahau siku ya mtihani. Iandike kama sehemu. Mkate ukigawiwa watu 1,000 na mkate ukigawiwa watu 50,000, kipande kipi kikubwa? Basi.

Ila kuna njia ya kuwaonyesha kwa macho. Ramani zetu za Tanzania za 1:50,000 zipo, na kama shule haina, ofisi ya ardhi ya wilaya huenda wakakuonyesha moja. Kwa skeli hiyo sentimita moja ni mita 500. Shule yote ya Ticha yenye urefu wa mita 120 inakuwa milimita 2.4. Waambie wachore kidoa cha milimita 2.4 pembeni ya ramani yao ya sentimita 12. Shule ni ileile. Kwenye skeli kubwa vitu vinaonekana vikubwa na eneo linaloingia ni dogo, na kwenye ndogo ni kinyume chake.

Ticha wa Kata

Mzee, tatizo la kusoma 1:1000 ndilo linaloniumiza zaidi. Darasa nililorithi, ukiuliza 1:1000 sentimita moja ni nini, wote wanajibu "mita elfu moja".

Skuli ya Pwani

Wangu pia. Wanaona 1 wanadhani sentimita, wanaona 1000 wanadhani mita. Nikawakataza kuandika uwiano mpaka wapite hatua ya katikati: sentimita 1 kwa sentimita 1,000, kisha sentimita 1,000 ni mita 10. Na kila jibu lao la ajabu nawapeleka nje. Umesema ofisi hadi kisima ni mita 4,500? Haya twende tukatembee. Wanakataa wenyewe kabla ya kutoka mlangoni.

Kosa jengine la kuangalia ni rula. Wengi wanaanza kupima kwenye 1 badala ya 0, au kwenye ncha ya plastiki. Utalijua kosa hilo kwa sababu vipimo vyote vya mtoto huyo vinatofautiana na vya wenzake kwa kiasi kilekile. Aliyeanzia 1 atazidi kwa sentimita moja nzima, sawa na mita 10 kwenye uwanja wenu.

Dogo wa Kihonda

Sasa utapimaje kama wameelewa? Usije ukawapa "taja namna tatu za skeli" 😅

Mzee wa Ramani

Kijana kauliza la maana. Wabadilishane ramani. Kundi A linachukua ramani ya kundi B na kupewa swali: kona ya ofisi hadi kisima. Wanapima kwa rula, tuseme sentimita 4.5, wanatabiri mita 45, wanaandika utabiri KABLA ya kutoka. Kisha wanapima kwa kamba uwanjani. Wakipata 46 au 47, ramani ni nzuri, tofauti hiyo ni milimita moja mbili za karatasi. Wakipata 60, kuna mtu amekosea, na wanatakiwa waseme ni mpimaji, mchoraji au msomaji. Kundi likipata tofauti ya mita 10 kamili, waangalie rula kwanza, kama mwalimu wa Unguja alivyosema.

Ticha wa Kata

Naona dakika 80 hazitoshi kwa hayo yote.

Mzee wa Ramani

Hazitoshi. Siku ya kwanza fanya mchoro wa macho na kupima hatua tu. Siku ya pili kuchagua skeli na kuchora. Kubadilishana ramani na mchezo wa fotokopi viwe wiki inayofuata. Kama taaluma watalalamika, andalio liandike siku tatu tangu mwanzo. Na nje upeleke makundi matatu kwa zamu, wengine wabaki ndani wakiandaa ufunguo, ili Dogo wa Kihonda asipate cha kucheka.

Chaki Moja

Mimi bado naona siku tatu kwa mada moja ni anasa ukiwa na mtihani wa mkoa. Ningepima mwenyewe, niwape namba, nimalize kwa siku moja, na ule mchezo wa kubadilishana ramani niuweke. Tukubali kutokubaliana mzee wangu.

Mzee wa Ramani

Ukiuweka huo wa kubadilishana, sina ugomvi nawe. Ila eneo la Ticha amesema ni "karibu" mstatili, na namba za pande nne peke yake hazitakwambia kama kona ni za mraba. Pima na mshazari mmoja. Kwa 120 na 80 zenye kona za mraba, mshazari ni kama mita 144. Ukipata 138, kona zimepinda, na ramani iliyochorwa kwa kona za mraba itakosea hata kama kila upande umepimwa vizuri.

Ticha wa Kata

Haa! Kona ya nyuma kwenye vyoo kweli inaonekana imebanwa. Kesho nauvuta mshazari kabla ya kengele.

Skuli ya Pwani

Kabla hamjafunga mjadala, na mimi nisaidieni. Skuli yangu upande wa nyuma hauna uzio, ni ufukwe. Maji yakijaa yanakuja karibu na mikoko, yakitoka unatembea mpaka mbali kabisa. Kundi lililopima asubuhi na lililopima mchana walikuja na maeneo mawili tofauti, na wote walipima sawasawa. Mpaka niuchore wapi?

Mzee wa Ramani

Chora mstari pale maji yanapofika wakati wa bamvua, utauona kwa uchafu na majani makavu yaliyoachwa juu. Huo hausogei kwa saa. Maji kupwa yachore kwa mstari wa vitone, uandike tarehe na saa mliyopima. Makundi yote mawili yapewe alama.

Skuli ya Pwani

Na mwezi mchanga na mwezi mpevu tutapata bamvua mbili ambazo hazilingani. Wataniuliza tu, nawajua.